Gawio la Kampuni Tanzu na Sababu ya Kufutwa Kwake katika Hesabu za Kundi

Kampuni inapomiliki hisa za kampuni nyingine kwa kiwango kinachoiwezesha kuamua mwenendo wake, ile inayomiliki huitwa kampuni mama, ile inayomilikiwa huitwa kampuni tanzu, na zote kwa pamoja huitwa kundi. Kisheria kila moja ni nafsi inayojitegemea, yenye mali zake, madeni yake na vitabu vyake vya hesabu, na kwa sababu hiyo kampuni tanzu inapotoa gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wanahisa, kampuni mama hulipokea kama mwanahisa mwingine yeyote na kuliandika katika vitabu vyake kuwa pato. Mambo hubadilika pale zinapotayarishwa taarifa za fedha jumuishi, ambazo huzionyesha kampuni zote za kundi kana kwamba ni taasisi moja ya kiuchumi, kwa kuwa pato hilo la gawio hufutwa lote na msomaji wa faida ya kundi haoni hata senti moja yake.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba gawio hufutwa ili faida isihesabiwe mara mbili. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha maswali yanayowasumbua wanafunzi wa uhasibu na wakati mwingine hata watayarishaji wa hesabu wenye uzoefu: kwa nini ufutaji huo unahitajika katika taarifa ya faida au hasara ilhali gawio lililokwisha kulipwa halidai marekebisho yoyote katika mizania, kwa nini sehemu fulani za muamala huo hubaki bila kufutwa, na kwa nini faida ya kampuni mama peke yake yaweza kupanda katika mwaka ambao kundi zima halikuchuma chochote cha ziada. Njia nyepesi ya kuyajibu ni kuufuata mfano mmoja hadi mwisho wake.

Ichukuliwe kwamba tarehe 1 Januari kampuni mama ilinunua asilimia 80 ya hisa za kampuni tanzu kwa shilingi milioni 700. Siku hiyo kampuni tanzu ilikuwa na mtaji wa hisa wa milioni 500 na faida limbikizi, yaani faida ya miaka iliyopita ambayo haijagawiwa, ya milioni 300, hivyo mali zake halisi baada ya kutoa madeni zilikuwa milioni 800. Asilimia 80 ya kiasi hicho ni milioni 640, na milioni 60 zilizolipwa zaidi ya hapo ndizo wahasibu huziita gudwili. Asilimia 20 iliyosalia, yenye thamani ya milioni 160, ni ya wanahisa wachache, yaani wale walio nje ya kundi ambao wanaendelea kuwa na hisa katika kampuni tanzu bila kuwa na uwezo wa kuiamulia mambo. Katika mwaka huo kampuni tanzu ilipata faida ya milioni 200 na kutoa gawio la milioni 100, ambapo milioni 80 zilikwenda kwa kampuni mama na milioni 20 kwa wanahisa wachache. Kampuni mama yenyewe, kwa biashara yake, ilipata faida ya milioni 350, na ilipoongeza gawio ililopokea, vitabu vyake vikaonyesha faida ya milioni 430.

Atakayejumlisha faida za kampuni hizo mbili kama zilivyo atapata milioni 630, na kosa linaonekana mara moja, kwa sababu wateja, ambao ndio walio nje ya kundi, walilipatia kundi hilo faida ya milioni 350 kupitia kampuni mama na milioni 200 kupitia kampuni tanzu, na hakuna mtu mwingine wa nje aliyeongeza chochote. Zile milioni 80 ni sehemu ya milioni 200 zilizokwisha kuhesabiwa siku kampuni tanzu ilipouza bidhaa au huduma zake. Faida iliyo sahihi ni milioni 550, ambayo milioni 40 zake, yaani asilimia 20 ya milioni 200, ni haki ya wanahisa wachache, na milioni 510 ni haki ya wanahisa wa kampuni mama.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu ni kile kinachotokea katika mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya mwisho wa mwaka. Tuseme kampuni mama ilianza mwaka ikiwa na faida limbikizi ya milioni 1,000. Ikaongeza milioni 430 na kumaliza na milioni 1,430, na kiasi hicho bado kina gawio ndani yake. Kampuni tanzu nayo ilianza na milioni 300, ikaongeza faida ya milioni 200, ikatoa gawio la milioni 100, ikamaliza na milioni 400. Faida limbikizi ya kundi hupatikana kwa kuchukua ile ya kampuni mama na kuongeza sehemu yake ya ongezeko la faida limbikizi ya kampuni tanzu tangu siku ya ununuzi, yaani asilimia 80 ya milioni 100, na jumla inakuwa milioni 1,510. Kiasi hicho ndicho kilekile kinachopatikana kwa kuchukua milioni 1,000 za mwanzo na kuongeza faida sahihi ya milioni 510. Gawio liliiongezea kampuni mama milioni 80 na papo hapo likapunguza sehemu ya kampuni mama katika kampuni tanzu kwa milioni 80, na fedha taslimu zilizohama kutoka akaunti moja ya benki kwenda nyingine zimebaki ndani ya kundi. Kwa hiyo gawio lililolipwa tayari hujisawazisha lenyewe katika mizania, ilhali katika taarifa ya faida au hasara haliwezi kujisawazisha, kwa sababu kampuni mama huliandika kama pato lakini kampuni tanzu hailiandiki kama gharama. Hulitoa moja kwa moja katika faida limbikizi. Upande mmoja wa muamala uko ndani ya taarifa ya faida na upande wa pili uko nje yake, na hapo ndipo chanzo halisi cha kuhesabu mara mbili kinapopatikana. Kampuni mama inapoitoza kampuni tanzu ada ya usimamizi, kwa mfano, pato la mmoja ni gharama ya mwingine na faida ya kundi haiharibiki hata kama mhasibu amesahau kuvifuta viwili hivyo, ingawa mapato na gharama vitavimba. Kwa gawio usahaulifu huo hauna kinga.

Ufutaji wenyewe hufanywa kwa ingizo moja katika karatasi ya kazi ya ujumuishaji, wala haligusi vitabu vya kampuni yoyote kati ya hizo mbili. Akaunti ya pato la gawio la kampuni mama hudebitiwa milioni 80, akaunti ya wanahisa wachache hudebitiwa milioni 20, na gawio lililotolewa katika faida limbikizi ya kampuni tanzu hukreditiwa milioni 100. Milioni 20 za wanahisa wachache hazikuwahi kuwa pato la kampuni mama, kwa hiyo hazina cha kufutwa katika faida. Hizo ni fedha zilizotoka nje ya kundi kweli, na huonekana katika taarifa jumuishi ya mtiririko wa fedha kama gawio lililolipwa kwa wanahisa wachache, huku zile milioni 80 zikiondolewa katika pande zote mbili za taarifa hiyo. Hisa ya wanahisa wachache katika mizania itakuwa milioni 160, kuongeza faida yao ya milioni 40, kutoa gawio lao la milioni 20, yaani milioni 180, kiasi ambacho ni sawasawa na asilimia 20 ya mali halisi za kampuni tanzu za mwisho wa mwaka, milioni 900.

Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara hapa, na yote mawili hujitangaza kwa kiasi cha tofauti yanayoiacha. La kwanza ni kusahau kulifuta gawio, na dalili yake ni kwamba faida ya wanahisa wa kampuni mama inakuwa milioni 590, ikiongezwa kwa faida limbikizi ya mwanzo inatoa milioni 1,590, ilhali mizania inadai milioni 1,510. Pengo ni milioni 80 kamili, sawa na gawio lililopokelewa. La pili ni kukokotoa haki ya wanahisa wachache kutokana na faida iliyobaki baada ya gawio, yaani asilimia 20 ya milioni 100 badala ya milioni 200, kosa linalowanyima wanahisa hao milioni 20 na kuiongezea kampuni mama kiasi hichohicho. Gawio ni matumizi ya faida baada ya kupatikana, si kipimo cha faida, na kwa hiyo haki ya wanahisa wachache hupimwa kabla yake. Mkaguzi anayeona pengo lililo sawa na gawio, au sawa na sehemu ya wanahisa wachache ya gawio, anajua pa kwenda kutazama kabla ya kufungua faili lolote.

Hata hivyo, hesabu ya kujumlisha na kutoa si sababu pekee ya kanuni hii, na pengine si sababu yake nzito kuliko zote. Kampuni mama ndiyo inayowateua wengi wa wakurugenzi wa kampuni tanzu, na wakurugenzi hao ndio wanaopendekeza gawio na wakati wa kulitoa. Kama gawio lingehesabiwa kuwa faida ya kundi, kampuni mama ingekuwa na uwezo wa kujitengenezea faida kwa azimio la bodi: katika mwaka mbaya ingeziagiza kampuni tanzu zenye akiba zitoe magawio makubwa, na katika mwaka mzuri ingeziacha fedha hizo zilale. Hilo lilikuwa jambo la kawaida zamani, wakati kampuni mama zilipochapisha hesabu zao peke yake, ambapo kampuni tanzu yenye hasara haikutoa gawio na kwa hiyo hasara yake haikuonekana popote, huku zile zenye faida zikitumika kulainisha matokeo ya mwaka hadi mwaka. Shirika la chuma la Marekani, United States Steel, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuachana na utaratibu huo kwa kuchapisha hesabu jumuishi za mwaka 1902, na nchini Uingereza sheria ya makampuni ya mwaka 1948 ndiyo iliyozifanya hesabu za kundi kuwa wajibu. Leo kanuni hiyo imo katika kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kinachojulikana kama IFRS 10, kilichotolewa mwaka 2011 na kuanza kutumika mwaka 2013, ambacho kinataka mali, madeni, mtaji, mapato, gharama na mitiririko ya fedha inayotokana na miamala ya ndani ya kundi ifutwe yote. Uzito wa kigezo cha udhibiti unaonekana pia kwa kutazama upande wa pili: kampuni inayomiliki asilimia 5 tu ya hisa za nyingine, na isiyo na sauti katika uamuzi wa gawio, huruhusiwa kulihesabu gawio hilo kuwa pato lake halali, kwa sababu haikuwa imehesabu faida ya kampuni ile hapo kabla, wala haina uwezo wa kuliita gawio lije inapolihitaji.

Gawio linalotoka katika faida iliyopatikana kabla ya ununuzi huonyesha kwa uwazi zaidi umbali ulio kati ya hesabu za kampuni mama peke yake na hesabu za kundi. Katika mfano uleule, ichukuliwe kwamba mwezi mmoja baada ya ununuzi, kabla kampuni tanzu haijapata faida yoyote mpya, iligawa milioni 100 kutoka katika zile milioni 300 za zamani. Kampuni mama ingepokea milioni 80, ambazo kwa maana ya kiuchumi ni sehemu ya bei iliyolipa ikiirudia, kwa kuwa ilinunua kampuni yenye akiba na sasa inaichukua akiba hiyo. Hadi mwaka 2008 viwango vya kimataifa vilitaka gawio la namna hiyo lipunguzwe katika gharama ya uwekezaji badala ya kuandikwa kama pato. Marekebisho ya mwaka huo, yaliyoanza kutumika 2009, yaliondoa tofauti hiyo, na sasa kiwango cha IAS 27, kinachohusu hesabu za kampuni mama peke yake, kinaruhusu gawio lolote kuwa pato mara haki ya kulipokea inapothibitika. Kinga iliyowekwa mahali pake ni kwamba gawio linapozidi jumla ya pato kamili la kampuni tanzu la kipindi hicho, au thamani ya uwekezaji vitabuni inapozidi thamani ya mali halisi za kampuni tanzu pamoja na gudwili katika hesabu za kundi, kampuni mama lazima ipime kama uwekezaji wake umeshuka thamani. Kinga hiyo inasaidia, lakini inategemea makadirio, na kwa hiyo haina nguvu ya ule utaratibu wa zamani. Hesabu za kundi, kwa upande wao, hazihitaji makadirio yoyote: faida limbikizi ya kampuni mama imeongezeka milioni 80, faida limbikizi ya kampuni tanzu tangu siku ya ununuzi imepungua milioni 100, sehemu ya kampuni mama katika upungufu huo ni milioni 80, na faida ya kundi inabaki sifuri kama inavyostahili.

Ugumu mwingine hutokana na muda. Gawio lililotangazwa rasmi lakini halijalipwa hadi siku ya kufunga hesabu ni deni katika vitabu vya kampuni tanzu na dai katika vitabu vya kampuni mama, na hapo mizania haijisawazishi tena: dai la milioni 80 lazima lifutwe dhidi ya deni la milioni 80, na milioni 20 zilizobaki zionekane kama deni halisi la kundi kwa wanahisa wachache. Tatizo huzuka pale kampuni mama inapoandika pato kwa kutegemea pendekezo la bodi ambalo halijaidhinishwa na mkutano mkuu, au lililofikiwa baada ya mwaka kufungwa. Kampuni tanzu haitakuwa na deni la aina hiyo, kwa kuwa kiwango cha IAS 10 kinakataza gawio lililotangazwa baada ya siku ya kufunga hesabu kuandikwa kama deni la siku hiyo, na ulinganisho wa akaunti za ndani ya kundi utagoma kwa milioni 80. Suluhisho lililo sahihi ni kuliondoa pato hilo katika vitabu vya kampuni mama, si kubuni deni katika kampuni tanzu ili pande mbili zifanane.

Kampuni tanzu ikiwa katika nchi yenye sarafu nyingine, kati ya siku ya kutangaza gawio na siku ya kulilipa bei ya sarafu inaweza kubadilika. Dai na deni hufutwa, lakini faida au hasara iliyotokana na mabadiliko ya bei ya sarafu haifutwi, kwa sababu katika muda huo kundi lilikuwa limejifunga kubadilisha sarafu moja kuwa nyingine na limepata au limepoteza kweli. Ndivyo ilivyo pia kwa kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji wa gawio huikata na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato kabla mpokeaji hajapata chake. Kiwango cha jumla cha kodi hiyo nchini Tanzania kwa gawio linalolipwa kwa asiye mkazi ni asilimia 10, hivyo kampuni tanzu ya Tanzania yenye mama nje ya nchi ikitoa milioni 80, milioni 8 huenda serikalini na milioni 72 humfikia mama. Kinachofutwa ni milioni 80 zote. Milioni 8 hubaki katika hesabu za kundi kama gharama ya kodi, kwa sababu zimetoka nje ya kundi na hazitarudi. Mhasibu anayefuta milioni 72 pekee huacha milioni 8 za pato la uongo zikielea, na kwa kuwa kodi nayo ni milioni 8, viwili hivyo humezana na faida huonekana kana kwamba gawio halikugharimu kitu. Kosa hilo ni gumu kuligundua kuliko yale ya awali, kwa kuwa pengo linaloliacha katika faida limbikizi ni la milioni 8 tu, si sawa na gawio, na chanzo chake huonekana kodi iliyoandikwa inapolinganishwa na vyeti vya makato.

Kufutwa kwa gawio katika hesabu za kundi hakumaanishi kwamba halina uzito mahali pengine. Sheria za makampuni zilizorithi mfumo wa Kiingereza, ikiwemo sheria ya Kenya ya mwaka 2015, hupima uwezo wa kampuni wa kugawa faida kwa kutazama faida limbikizi ya kampuni yenyewe, wala si ya kundi lake. Katika mfano wa hapo juu, wakurugenzi wa kampuni mama hawawezi kuzigawa milioni 1,510 zinazoonekana katika mizania jumuishi. Mpaka wao ni milioni 1,430, na milioni 80 zinazosalia zimo bado ndani ya kampuni tanzu hadi zitakapopandishwa juu kwa gawio jingine. Kwa kampuni mama isiyofanya biashara yoyote ya moja kwa moja, tofauti hii ndiyo inayobeba kila kitu. KCB Group ya Kenya imekuwa ya namna hiyo tangu Januari 2016, ikimiliki benki badala ya kuwa benki yenyewe, na mwezi Desemba 2022 ilikamilisha ununuzi wa asilimia 85 ya hisa za Trust Merchant Bank ya Kongo, huku asilimia 15 zikibaki kwa wengine. Katika safu ya hesabu inayohusu kampuni mama ya aina hiyo, magawio kutoka kwa kampuni tanzu huwa ndiyo karibu pato lote. Katika safu ya kundi, magawio hayohayo hayapo, na mahali pake kuna riba, ada na gharama za benki zilizoyazalisha. Mwanahisa anayetaka kujua kama gawio lake la mwaka ujao lina fedha nyuma yake husoma safu ya kwanza, na anayetaka kujua kama biashara inachuma husoma ya pili. Faida ya kundi ikipanda miaka kadhaa mfululizo huku magawio yanayoifikia kampuni mama yakiwa palepale, ni halali kuuliza faida hiyo imekaa katika nchi gani, na ni kitu gani kinachoizuia kupanda.